Barua ya Kufutwa

Tarehe 5 Mei 2025, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliiamuru Worldcoin ifute kabisa data za kibayometria ilizokusanya kwa Wakenya. Ni picha za mboni za macho na nyuso, zilizochukuliwa mwaka 2023 kwa watu waliopanga foleni ili wapewe sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya shilingi elfu kadhaa. Jaji Roselyne Aburili hakuishia kwenye neno “futeni”. Alitoa siku 7, na akaagiza kazi ifanyike chini ya uangalizi wa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Amri hiyo ina mambo matatu ambayo barua nyingi za wananchi hukosa: kitu kinachofutwa kimetajwa, muda umewekwa, na kuna njia ya kujua kama kweli kimefutwa.

Mtu anayeandika barua kutoka Kapsokwony hana jaji wala msimamizi. Barua yake ndiyo inayopaswa kubeba mambo hayo matatu. Akiandika tu “naomba mfute data zangu zote”, atajibiwa kwamba ombi lake limepokelewa na linashughulikiwa, na kwa kawaida mambo huishia hapo. Katika sura hii tutaiandika barua hiyo hatua kwa hatua. Mfano wetu nimeuunganisha kutokana na visa vya aina ambayo watu wengi wa Mlima Elgon, Bungoma na Kitale wanaifahamu, kwa hiyo hauhusu mtu mmoja halisi.

Mama mmoja hununua viazi kwa wakulima wa juu ya mlima na kuvipeleka Kitale. Mwaka 2021 alipakua apu ya mikopo kwenye simu na kukopa shilingi 3,000. Apu ilimwomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyo katika simu yake, naye akabonyeza kukubali, kwa sababu bila hivyo mkopo haukutoka. Alichelewa kulipa kwa siku chache. Mweka hazina wa chama chake akapigiwa simu, na shemeji yake aliyeko Kitale akatumiwa meseji inayomwita mama huyu mwizi. Mwezi Agosti mwaka huo alimaliza deni na kuifuta apu kwenye simu. Miaka minne baadaye bado anapokea meseji za kumwambia kwamba kiwango chake cha mkopo kimepandishwa.

Kuifuta apu kumeondoa programu kwenye simu yake tu. Kilichokwisha kupelekwa kiko kwenye kompyuta za kampuni: namba ya kitambulisho, picha ya uso, meseji za M-Pesa zilizosomwa ili kupima uwezo wake wa kulipa, na orodha ya majina ya simu. Orodha hiyo ndiyo ninayomtaka aipiganie kwanza. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali ziliwakataza kutumia majina ya simu ya mteja kuwasumbua watu wake, na tangu tarehe 31 Mei 2023 Google hairuhusu apu za mikopo kusoma orodha ya majina wala picha za mteja. Lakini makatazo hayo yalizuia ukusanyaji mpya. Orodha zilizochukuliwa kabla ya hapo hazikujifuta zenyewe, na hakuna anayegonga mlango wa kampuni kuulizia orodha ya mama wa viazi isipokuwa yeye mwenyewe.

Sheria anayoitegemea ni Sheria ya Ulinzi wa Data, Nambari 24 ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba 2019. Nyuma yake iko Ibara ya 31 ya Katiba, inayolinda faragha. Kifungu cha 40 kinampa mtu haki ya kuomba zifutwe data ambazo kampuni haina tena idhini ya kuzitunza, zisizohusika, zilizozidi kiasi, au zilizopatikana kinyume cha sheria. Kanuni za Jumla za mwaka 2021 zikaongeza utaratibu: kanuni ya 12 inaitaka kampuni ijibu ombi la kufuta ndani ya siku 14, na kuna fomu yake iitwayo DPG 5. Hizo siku 14 zinahesabiwa pamoja na Jumamosi na Jumapili.

Soma tena kifungu hicho cha 40. Hakikusema “zote”. Hapa ndipo barua nyingi zinapopotea, na kampuni zinapopata mwanya. Kanuni ileile ya 12 inasema haki ya kufutiwa haitumiki pale data inapohitajika ili kutimiza wajibu wa kisheria, au kwa ajili ya madai mahakamani. Mkopeshaji ataegemea sheria ya kupambana na fedha haramu, inayozitaka taasisi zinazotoa taarifa kutunza kumbukumbu za miamala kwa angalau miaka 7, na sheria ya taratibu za kodi, inayodai miaka 5. Mama akiomba vyote, kampuni itajibu, “Sheria inatulazimisha kutunza kumbukumbu,” na kwa sentensi hiyo moja italinda hata orodha ya majina, ambayo hakuna sheria ya fedha wala ya kodi inayoitaka.

Kwa hiyo barua yake inazigawa data katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni lile lisilo na sababu ya kubaki: orodha ya majina ya simu, meseji zilizosomwa, mahali simu ilipokuwa, picha ya uso, matokeo ya kupima uwezo wake wa kulipa, na matumizi yoyote ya matangazo. Hizi zifutwe sasa. Fungu la pili ni kumbukumbu ya mkopo wenyewe: alikopa lini, kiasi gani, alilipa lini. Hizi anakubali zibaki, lakini anaitaka kampuni itaje sheria inayoiruhusu na tarehe ya mwisho. Mkopo uliolipwa Agosti 2021, ukihesabiwa miaka 7, unafika Agosti 2028. Wakati huohuo anaomba, chini ya kifungu cha 34, kumbukumbu hiyo iwekewe mipaka: isitumike kumtangazia wala kumpima upya. Akikubali kidogo hicho, kampuni haina tena pa kujificha katika kikubwa.

Lakini atajuaje kilichomo kwenye mafungu hayo? Asianze na barua ya kufuta. Aanze na ombi la kuona data zake, ambalo kanuni zinataka litimizwe ndani ya siku 7 bila malipo. Ombi hilo ni fupi: nipeni nakala ya data zangu zote mlizo nazo, mlizipata wapi, mmempa nani, na mtazitunza hadi lini. Sababu ya kulitanguliza ni kwamba data ikishafutwa, ushahidi nao umekwenda. Mama akitaka baadaye kudai fidia kwa sababu ya zile meseji alizotumiwa shemeji, rekodi ya kampuni inayoonyesha kwamba namba ya shemeji ilichukuliwa kwenye simu yake ndiyo ushahidi mzito kuliko wote. Kwa hiyo kwanza aombe nakala, ahifadhi meseji za matusi kwa kupiga picha ya skrini yenye tarehe na namba ya mtumaji, ndipo aombe kufutiwa.

Kumpata wa kumwandikia nako kuna kazi. Jina la apu mara nyingi si jina la kampuni. Mwaka 2023 Kamishna alipoitoza faini kampuni ya Mulla Pride, wateja walikuwa wanaijua kwa majina ya apu zake, KeCredit na Faircash. Barua iliyoelekezwa kwa jina la apu inaweza kukanwa. Jina la kisheria hupatikana kwenye sera ya faragha ndani ya apu, kwenye ukurasa wa apu dukani chini ya jina la mtengenezaji, au kwenye orodha ya wakopeshaji wa kidijitali waliopewa leseni inayochapishwa na Benki Kuu. Barua itumwe kwa baruapepe iliyotajwa kwenye sera ya faragha, na nakala ya karatasi itumwe kwa rejista kupitia posta. Risiti ya posta ni kikaratasi kidogo, lakini ndiyo inayothibitisha siku ombi lilipoondoka mikononi mwake.

Sasa barua yenyewe. Tuseme aliomba nakala tarehe 13 Februari, akajibiwa tarehe 20 Februari. Anaiandika kwa Kiswahili, na haina kasoro kwa hilo: Ibara ya 7 ya Katiba inasema Kiswahili ni lugha rasmi sawa na Kiingereza.

*Kapsokwony, 3 Machi 2025*

*Kwa Ofisa wa Ulinzi wa Data,*

*KUH: OMBI LA KUFUTA DATA BINAFSI, KIFUNGU CHA 40 CHA SHERIA YA ULINZI WA DATA, 2019*

*Nilikuwa mteja wenu kwa namba ya simu iliyotajwa chini ya barua hii. Mkopo wangu wa mwisho ulilipwa wote mwezi Agosti 2021. Katika jibu lenu la tarehe 20 Februari 2025 mlikiri kwamba bado mna orodha ya majina na namba kutoka kwenye simu yangu, meseji zangu za M-Pesa, picha ya uso wangu na kumbukumbu ya mikopo yangu.*

*Kwanza, naomba mfute orodha ya majina, meseji, picha ya uso, kumbukumbu za mahali nilipokuwa na alama zozote mlizonipa kutokana na hizo. Kazi mliyozikusanyia imekwisha, na orodha ya majina ilizidi kiasi tangu siku ilipochukuliwa. Ninaondoa ruhusa yoyote niliyoitoa, na ninapinga data zangu kutumika kwa matangazo.*

*Pili, kama kuna kumbukumbu ya mkopo ambayo sheria inawalazimu kuitunza, nitajieni sheria hiyo na kifungu chake, na tarehe mtakapoifuta. Hadi tarehe hiyo, naomba matumizi yake yawekewe mipaka chini ya kifungu cha 34.*

*Tatu, wajulisheni wote mliowapa data zangu, wakiwamo wakusanyaji wa madeni na watumaji wa meseji, kwamba nimeomba zifutwe, kama kifungu cha 40(2) kinavyowataka.*

*Nne, nithibitishieni kwa maandishi ndani ya siku 14: ni data gani zimefutwa, zimefutwa tarehe gani, zimefutwa kwenye mifumo ipi, nakala za akiba zitafutwa lini, mmewajulisha akina nani, na nini kimebaki. Uthibitisho uwe na jina na cheo cha anayeutoa.*

*Nimeambatisha Fomu DPG 5.*

Chini ya hapo ni jina lake, namba ya simu aliyojisajili nayo, na sahihi. Basi. Hakuna maelezo ya jinsi alivyoaibika mbele ya chama, ingawa aibu hiyo ni ya kweli na ina uzito wake. Maelezo hayo yana mahali pake katika malalamiko kwa Kamishna. Barua hii ni ya kuagiza kazi ifanyike, na kila aya yake inaweza kuwekewa alama ya “imefanyika” au “haijafanyika”.

Aya ya nne ndiyo inayomtofautisha mwandishi anayejua anachofanya. Kampuni zina namna nyingi za kusema zimefuta bila kufuta. Kuna “akaunti yako imefungwa”, yaani huwezi kuingia lakini kila kitu kipo. Kuna “data zako zimeondolewa kwenye mfumo wetu wa wateja”, huku wakala wa kukusanya madeni amebaki na jedwali lake. Na kuna nakala za akiba, ambazo hapa lazima tuitendee kampuni haki. Nakala hizo huhifadhiwa kwa mkupuo ili mfumo ukiharibika urejeshwe, na kumtoa mtu mmoja katikati ya mkupuo ni kazi ngumu kiufundi. Jibu la haki ni kwamba nakala za zamani zitafunikwa na mpya baada ya muda unaotajwa, na kwamba zikirejeshwa kabla ya hapo, jina lake litafutwa tena. Kampuni inayotaja muda huo imelifikiria jambo. Ile inayokaa kimya kuhusu akiba, aiulize mara ya pili.

Kuna mtego mmoja wa kujihadhari nao kabla ya jibu kamili kufika. Kampuni inaweza kumwandikia: tutumie picha ya kitambulisho pande zote mbili, na picha yako ukikishika mkononi, ili tuhakikishe ni wewe. Ni haki yao kuhakikisha, ili mtu mwingine asije akaomba data za mama huyu zifutwe au zitolewe. Lakini hakuna haja ya kuwapa data mpya ili wafute za zamani. Ajibu kwamba yuko tayari kuthibitisha kwa kitu walicho nacho tayari: wamtumie namba ya siri kwenye simu aliyojisajili nayo, naye awarudishie. Wakishikilia kitambulisho, atume nakala aliyofunika picha na namba ya mfululizo, akiandika juu yake kwa kalamu: “Kwa ombi la kufuta data tu, 3 Machi 2025.”

Tuseme siku ya 14, tarehe 17 Machi, jibu linafika: tumefuta. Mama ana njia mbili za kupima. Ya kwanza ni kungoja. Meseji ya matangazo ikija baada ya hapo, namba yake bado imo mahali fulani, na meseji hiyo yenye tarehe ni ushahidi. Ya pili ina nguvu zaidi: baada ya muda kidogo, atume tena ombi la kuona data, lilelile la siku 7. Kama wamefuta kweli, jibu linapaswa kuonyesha kumbukumbu ya mkopo peke yake, pamoja na barua zake mwenyewe za kuomba kufutiwa, ambazo kampuni ina sababu ya kuzitunza ili ionyeshe kwamba ilitii. Likitokea jina la shemeji wa Kitale kwenye jibu hilo, uthibitisho wa kwanza ulikuwa wa uongo, tena wa uongo ulioandikwa na kutiwa sahihi. Asijaribu kupima kwa kupakua apu upya na kujisajili. Huko atakuwa anawapa kila kitu kwa mara ya pili, na safari hii kwa ruhusa mpya.

Barua hii ina mipaka yake pia. Haifuti jina lake kwenye kampuni za kumbukumbu za mikopo, zile ambazo watu huziita CRB. Hizo zina kanuni zake za muda, na pakiwa na kosa hupelekewa ombi la kusahihisha. Haifuti deni ambalo bado linadaiwa: mtu anayedaiwa akiomba kufutiwa namba yake ya simu atakataliwa, na atakuwa amekataliwa kihalali. Na haimfikii mtu aliyefungua apu bila leseni, bila ofisi, bila jina la kampuni. Mbele ya huyo wa mwisho barua ni karatasi tu, na la kufanya ni kumripoti kwa Benki Kuu na kwa Kamishna.

Siku 14 zikipita kimya, au jibu likiwa la kuzungukazunguka, mama apeleke malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Hatozwi ada. Anaweza kuyatuma kupitia odpc.go.ke bila kupanda gari hadi Nairobi, na kifungu cha 56 kinataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 90. Aambatishe ombi la kwanza, jibu lake, barua ya tarehe 3 Machi, risiti ya posta na picha za meseji. Si mlango wa mapambo. Mwaka 2023 Mulla Pride ilitozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba ilizopata kwa watu wengine kuwatumia watu vitisho, na mwaka huohuo Whitepath, nayo ya mikopo ya simu, ilitozwa shilingi milioni 5. Faini za namna hiyo huenda serikalini. Fidia ya mtu mwenyewe hudaiwa chini ya kifungu cha 65, na kinagusa pia maumivu ya moyo, hata pale ambapo hakuna shilingi iliyopotea. Hapo sasa ndipo aandike yote kuhusu chama, mweka hazina na lile neno mwizi.

Amebaki shemeji wa Kitale. Yeye hakukopa, hakupakua apu, hakubonyeza kukubali popote. Namba yake ilichukuliwa kwenye simu ya mtu mwingine na akatukanwa kwayo. Kifungu cha 40 kinamlinda kama kinavyomlinda mama wa viazi, tena hoja yake ni nyepesi zaidi, kwa sababu kampuni haina mkopo wake, haina kodi yake, haina sheria yoyote ya kuegemea ili ibaki na jina lake. Kama nawe uliwahi kupigiwa simu kwa deni la mtu mwingine, andika barua yako mwenyewe. Aya ya pili iache, pamoja na maneno ya kwamba ulikuwa mteja, ulikopa au ulitoa ruhusa. Nyingine zinakutosha.